Kabla ya Kumshuku Ndugu Yako, Uliza Mzigo Ulimfikia kwa Bei Gani

Mwezi wa tano mwaka 2024 mazungumzo kwenye kundi letu la wasapu la familia yaliharibika vibaya. Tuko ndugu watatu. Mimi na kaka yetu mkubwa tunaishi hapa Maskati, na mdogo wetu yuko Mombasa, ndiye anayeshika duka la vyombo tulilofungua kwa mtaji wa sote watatu. Mzigo alioleta kutoka Dubai mwanzo wa mwaka ule ulikuwa umeshauzwa wote. Kwa hesabu aliyotutumia yeye mwenyewe kabla ya kuagiza, ulitakiwa kuacha faida ya shilingi 240,000 za Kenya. Kaka akaulizia fungu letu. Mdogo wetu akajibu kwamba hakuna kitu, na zaidi ya hapo pesa iliyoko dukani haitoshi kuleta mzigo mwingine kama ule.

Mnajua wenyewe maneno yanayofuata hapo. "Pesa zimekwenda wapi?" Halafu kimya. Halafu mama anapigiwa simu, anaanza kulia. Mdogo wangu alinipigia usiku akaniambia, "Dada, wallahi sikuchukua hata ndururu." Nilimsikia, lakini moyoni, Mungu anisamehe, sikumwamini.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hesabu za mizigo, kwa hivyo nilimwambia anipigie picha kila karatasi aliyonayo: ankara ya Dubai, risiti za benki, karatasi ya forodha, bili ya wakala, hata kijikaratasi cha hamali. Nilikaa nazo siku mbili. Wizi sikuuona. Nilichoona ni kwamba ule mzigo uliuzwa kwa hasara ya shilingi 14,560 kabla hata ya kutoa kodi ya duka, na mdogo wangu hakujua. Alikuwa anauza kwa furaha akidhani kila chombo kinamwachia shilingi 200.

Naandika haya kwa sababu naona jambo hili linazivunja familia zetu nyingi, na maoni yangu ni haya: makosa zaidi yako kwetu sisi tulio Ghuba. Sisi tunauliza "umeuza shilingi ngapi" na "umenunua dirhamu ngapi". Hatuulizi swali la katikati, ambalo ndilo lenye hesabu yenyewe: kila kimoja kilifika rafuni kwa shilingi ngapi?

Nieleze kwanza mdogo wetu alihesabu vipi, maana hesabu yake ndiyo ya maduka mengi.

Mzigo ulikuwa wa aina mbili tu. Chupa za chai 600, na maboksi ya vijiko 600. Vyote viwili viliuzwa Deira kwa dirhamu 14.70 kimoja, sawasawa na dola 4. Alipolipa arubuni mwanzo wa Disemba 2023, benki ilimuuzia dola kwa shilingi 154. Akazidisha 4 kwa 154, akapata 616. Alikuwa amesikia ushuru ni asilimia 25, akaongeza 154, ikawa 770. Nauli, wakala na gari akakadiria shilingi 130 kwa kila kimoja. Jumla 900. Akaweka bei ya jumla 1,100 kwa chupa na 1,100 kwa boksi la vijiko. Vitu 1,200 mara 200, faida 240,000. Hesabu fupi, safi, ya mtu mkweli. Na ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni reti ya dola. Arubuni ilikuwa asilimia 30 tu ya ankara, dola 1,440, na hiyo kweli ililipwa kwa 154. Lakini muuzaji hakuruhusu mzigo upakiwe mpaka amalize dola 3,360 zilizobaki, na siku ya kuzilipa, katikati ya Januari 2024, benki iliuza dola kwa 162. Kwa hivyo bidhaa peke yake zilikula shilingi 766,080. Ukigawa kwa dola 4,800 za ankara, reti halisi ya mzigo ule ni 159.60. Kila chombo kikawa kimenunuliwa kwa shilingi 638.40, si 616. Tofauti ya shilingi 22 inaonekana ndogo, lakini ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ile faida aliyokuwa akiitarajia.

Hapa ndipo sisi wa Ghuba tunapokuwa vipofu. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997. Rial ya Omani imefungwa tangu 1986, rial moja kwa dola 2.60 na kidogo. Mtoto aliyezaliwa Maskati akakua na kuoa hapa hajawahi kuona reti ya dola ikisogea. Tunadhani bei ya Dubai ni bei, basi. Kwa mwenye duka Mombasa bei ya Dubai ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni siku aliyokwenda benki. Na kama amelipa mara mbili, zipo siku mbili, na zote ziandikwe. Msichukue reti ya kwenye simu wala ile ya Benki Kuu. Chukueni zile shilingi zilizotoka kwenye akaunti, pamoja na ada ya kutuma, mgawe kwa dola zilizofika kwa muuzaji. Kwetu ada za kutuma mara mbili zilikuwa shilingi 6,000.

Kosa la pili ni kubwa kuliko yote, nalo ni kodi. Mdogo wetu alisikia asilimia 25, na hakudanganywa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makundi manne makuu ya ushuru, 0, 10, 25 na 35, na chupa zetu na vijiko viliwekwa kwenye kundi la 25. Lakini kwanza, ile 25 haihesabiwi kwenye bei ya Deira. Forodha ya Kenya huchukua bei ya bidhaa, ikaongeza nauli ya meli na bima, na hiyo jumla ndiyo inayotozwa. Pili, ushuru hauji peke yake.

Nauli yetu ilikuwa dola 360 na bima dola 40. Kwa hivyo thamani mbele ya forodha ilikuwa dola 5,200. Mamlaka ya mapato, KRA, haikutaka kujua mdogo wangu alinunua dola kwa bei gani. Ina reti yake inayotangazwa, na wiki ile ya Februari aliyopeleka karatasi ilikuwa 160. Thamani ikawa shilingi 832,000. Ushuru wa asilimia 25 ulikuwa 208,000. Kisha ikaja VAT ya asilimia 16, na hii haipigwi kwenye thamani peke yake bali kwenye thamani ukijumlisha na ushuru uliokwisha kutozwa. Hiyo ilikuwa 166,400. Juu yake ipo ada ya kutangaza uagizaji, wanayoiita IDF, asilimia 2.5, shilingi 20,800. Na tozo ya reli, RDL, wakati ule asilimia 1.5, shilingi 12,480. Hii ya reli ilipandishwa kuwa asilimia 2 mwishoni mwa 2024, kwa hivyo anayehesabu leo asichukue namba yangu.

Jumlisheni: 407,680. Hiyo ni asilimia 49 ya thamani ya mzigo mpaka bandarini. Mdogo wetu aliweka asilimia 25 ya bei ya Deira.

Linganisheni na tunakoishi. Omani inatoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa nyingi, na VAT ya asilimia 5 tangu Aprili 2021. Mzigo wa thamani ya 1,000 unalipa hapa 102 na nusu. Mzigo wa aina yetu ukiingia Mombasa unalipa 490. Kaka yetu mkubwa aliposikia namba hii alinyamaza. Alikuwa akidhani kodi za Mombasa ni "kidogo zaidi ya za huku".

Neno moja kuhusu VAT. Duka letu halijasajiliwa kwa VAT, kwa sababu mauzo ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5, basi ile 166,400 ni gharama, imekwenda. Aliyesajiliwa huikata kwenye VAT anayowatoza wateja wake, kwa hivyo yeye haiweki kwenye gharama ya chombo. Lakini asisahau kwamba sehemu ya kila bei anayouza si yake, ni ya serikali. Anayechanganya mambo haya mawili ataona faida ambayo haipo.

Kosa la tatu ndilo linalonifurahisha kulieleza, kwa sababu mdogo wangu hapa alikaribia kabisa kupatia. Alikadiria shilingi 130 kwa kila chombo kwa nauli, bima, benki, wakala na gari. Nilipojumlisha karatasi zote za mambo hayo nilipata 160,800, ambayo ukigawa kwa vyombo 1,200 ni 134. Makadirio mazuri sana. Na bado yalimponza, kwa sababu aligawa kwa vichwa, chupa moja sawa na boksi moja la vijiko.

Mzigo mdogo unaochanganywa na wa watu wengine ndani ya kontena moja hulipiwa kwa mita za ujazo, zile CBM mnazoziona kwenye bili, au kwa tani, ipi iliyo kubwa zaidi. Chupa ya chai imejaa hewa. Chupa zetu 600 zilikuwa katoni 50, jumla mita za ujazo 3. Maboksi ya vijiko 600 yalikuwa katoni 30 ndogo, mita 0.6 tu, na uzito wake haukufika tani 0.6, kwa hivyo yalilipiwa kwa ujazo. Nauli ilikuwa dola 100 kwa mita. Basi chupa zilibeba dola 300 za nauli, na vijiko dola 60. Bei ya Deira ni moja, idadi ni moja, lakini chupa zimelipa nauli mara tano.

Na hili halikuishia baharini. Gharama za Mombasa zilikuwa shilingi 90,000: wakala wa forodha 30,000, kushusha na kutenganisha mzigo ghalani 36,000, siku za kulala ghalani baada ya zile za bure kwisha 10,000, gari na hamali 14,000. Ya wakala niligawa nusu kwa nusu, kwa kuwa kazi yake ni karatasi na thamani ya aina zote mbili ni moja. Hizo 60,000 zilizobaki zinatokana na nafasi ambayo mzigo unachukua, kwa hivyo nimezigawa kwa ujazo: chupa 50,000, vijiko 10,000. Kanuni ni hiyo tu. Kila gharama uigawe kwa kile kilichoisababisha. Iliyotokana na nafasi igawe kwa nafasi. Iliyotokana na thamani, kama bima na ushuru, igawe kwa thamani.

Nikipanga yote kwa chombo kimoja, chupa ya chai ilikuwa hivi: kununua 638.40, kodi zote za forodha 355.40, njia na wakala na benki 199.70. Jumla shilingi 1,193.50. Boksi la vijiko: kununua 638.40, kodi 324, njia na mengine 68.30. Jumla 1,030.70.

Sasa rudini kwenye bei ya 1,100. Kila chupa iliyotoka dukani ilimtoa shilingi 93 na nusu mfukoni. Kila boksi la vijiko lilimpa 69. Chupa zote pamoja zilipoteza 56,128, vijiko vyote vikaleta 41,568. Tofauti ni ile hasara ya 14,560. Mauzo yote yalikuwa 1,320,000, na mzigo ulikuwa umesimama kwa 1,334,560. Huyo ndiye mwizi wetu.

Dalili zilikuwepo kama tungejua kuzitazama. Chupa zilikwisha ndani ya wiki tatu. Tulifurahi, tukasema mashallah duka lina nyota. Kumbe wenye maduka wa mtaa ule ule, waliokuwa wakiuza chupa ya namna hiyo kwa 1,300, walikuwa wakituma vijana kuja kununua kwetu kwa dazeni. Vijiko vikakaa mpaka Mei, kwa sababu bei yetu ya vijiko ilikuwa juu kuliko ya jirani. Ukiona vitu viwili vya bei moja kwenye ankara, kikubwa chepesi kinakimbia na kidogo kizito kimelala, shuku mgawanyo wa nauli kabla ya kumshuku mtu. Dalili nyingine ni ile ambayo kaka yetu aliichukua kama ushahidi wa wizi: mzigo umekwisha wote, na pesa haitoshi kuurudisha.

Wapo watakaosema, basi dawa ni kupandisha bei, yaani chupa 1,350, mambo yakaisha. Hapana, na hapa ndipo reti inarudi mara ya pili. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 160. Februari serikali ya Kenya ikapata fedha za kulipa sehemu kubwa ya ule mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva Juni, hofu ikapungua, na shilingi ikapanda kwa kasi. Kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu na 131. Aliyeagiza chupa zile zile wakati huo, kwa bei ile ile ya Deira na nauli ile ile, aliziweka rafuni kwa takriban shilingi 1,000 badala ya 1,193. Angeweza kuuza 1,150 akapata faida nzuri, na sisi kwa bei hiyo tungekuwa tunalia.

Kwa hivyo karatasi ya mzigo inataka namba mbili kwa kila chombo. Ya kwanza ni kilifika kwa ngapi. Hiyo haibadiliki tena, na ndiyo inayosema kama tumepata au tumepoteza, na ndiyo ya kugawia mafungu. Ya pili ni kingefika kwa ngapi kama ningeagiza leo. Hiyo hubadilika kila wiki, na ndiyo ya kuwekea bei. Shilingi ikianguka, namba ya pili inakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ukiuza kwa kutazama ya kwanza tu utaona faida kwenye daftari huku duka linapungua vitu. Shilingi ikipanda, namba ya pili inashuka, na hapo mwenye mzigo wa zamani auze upesi hata kwa faida kidogo, maana soko halitamlipa kwa kuwa yeye alinunua dola ghali. Kama tungejua namba hizi Machi, tungeviuza vijiko haraka kwa 1,060 na kugeuza pesa ile kuwa dola za 131. Tulivisubirisha mpaka Mei.

Najua hoja inayokuja, kwa sababu kaka aliitoa. Alisema kumdai ndugu karatasi ya hamali ni kumvunjia heshima, biashara ya familia ni baraka na kuaminiana. Mimi naona kinyume chake. Sisi tulimwamini mdogo wetu bila karatasi, na siku hesabu ilipokataa hakuwa na kitu cha kujitetea isipokuwa kiapo. Karatasi ndiyo iliyomsafisha. Ile aya ndefu ya deni katika Surat al-Baqara imeagiza kuandika, na tunaisoma kila Ramadhani. Hakuna mahali ilipoambiwa kwamba ndugu wa tumbo moja wamesamehewa.

Ipo hoja nyingine, hiyo si ya heshima bali ya ujanja: mwambie muuzaji wa Deira akuandikie ankara ya pili yenye bei ndogo, ile asilimia 49 itapungua. Nimeyaona mwisho wake kazini. Forodha ina bei za mizigo ya wengine waliotangulia, na ikikataa ankara yako inapandisha thamani yenyewe. Wakati mnabishana mzigo umelala ghalani kwa malipo ya kila siku. Na hata ikipita, kwenye familia inazaa balaa jingine: kuna ankara mbili, na ndugu walioko mbali hawajui ipi ya kweli. Ukishamzoesha ndugu yako kuandika uongo kwa ajili ya serikali, usishangae ukishindwa kujua lini anakuandikia wewe.

Tulichokubaliana sisi ni kidogo. Kabla ya arubuni, mdogo wetu anaomba kwa muuzaji orodha ya katoni: ngapi, vipimo vya nje, uzito. Bila orodha hiyo hakuna anayeweza kujua nauli ya kila chombo, na muuzaji yeyote wa jumla anayo. Anamuuliza wakala kundi la ushuru la kila aina ya kitu, na jibu liwe kwa maandishi. Anatengeneza makadirio kwa reti ya siku ile na mara ya pili kwa reti mbaya zaidi kwa shilingi 10. Kama faida inakufa kwenye hesabu ya pili, haagizi. Mzigo ukifika, makadirio yanafutwa na karatasi halisi zinachukua nafasi yake, na gharama inagawiwa kwa vyombo vizima vilivyofika, si vilivyopakiwa. Kwetu hakikuvunjika kitu, lakini kama chupa 12 zingevunjika, zile 588 zilizobaki zingebeba mzigo wote, na kila moja ingefikia karibu 1,218. Bei haiwekwi mpaka hapo. Ukurasa mmoja wenye hesabu yote unatumwa kwenye kundi, sote tunauona siku moja.

Wenye maduka Unguja, Dar es Salaam au Kampala watakuta majina mengine ya tozo na asilimia nyingine, lakini mpangilio ni huu huu: mlilipa shilingi ngapi kweli, forodha ilichukua ngapi, njia ilikula ngapi, na kila kimoja kimebeba fungu lipi.

Kaka alimpigia mdogo wetu Ijumaa iliyofuata, baada ya sala. Sikuwepo kwenye simu ile na sikuuliza walisemezana nini. Mama ndiye aliyeniambia kwamba waliongea muda mrefu, na kwamba mwisho wake walikuwa wakibishana kuhusu bei ya vijiko.